Kikombe Kinachogonga Bila Sauti

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mitaa ya Mombasa, muuza kahawa husikika kabla hajaonekana. Mkono mmoja umeshika dele lenye makaa chini yake, mwingine unagonganisha vikombe viwili vidogo vya kaure: kak-kak, kimya kidogo, kak-kak. Aliyekaa barazani hahitaji kuambiwa kitu.

Tuseme mchoraji anataka kumtia muuza kahawa huyo ndani ya stika ya WhatsApp, ile picha ndogo inayochezacheza ambayo mtu humtumia rafiki yake badala ya kuandika "njoo tunywe kahawa". Jambo la kwanza analokumbana nalo ni kwamba stika haina sauti. Mlio wenyewe, ambao ndio kitambulisho cha muuza kahawa, haupo. Ni lazima uonekane: vikombe vikutane, mistari miwili mitatu ya njano iruke pembeni kama cheche, kisha vikombe viachane. Hiyo ni kazi ya uchoraji, na mchoraji mzuri ataimudu. Linalowashinda wengi huja baadaye, pale picha inapokataliwa na simu kwa sababu ni nzito mno, au inapokubaliwa lakini ikafika kwa rafiki imezungukwa na ukingo mweusi kama masizi.

Masharti ya WhatsApp si mengi. Kila stika iwe mraba wa pikseli 512 kwa 512, bila kuzidi wala kupungua hata pikseli moja. Iwe katika mfumo wa WebP, uliotengenezwa na Google na kutangazwa mwaka 2010. Isiyotembea isizidi kilobaiti 100. Inayotembea isizidi kilobaiti 500. Mchezo wote, toka mwanzo hadi mwisho, usipite sekunde 10. Mandharinyuma yawe matupu, yaani nyuma ya mchoro kusiwe na rangi yoyote, ili maongezi yaonekane kuuzunguka mchoro kana kwamba umekatwa kwa mkasi.

Kilobaiti 500 huonekana nyingi mpaka mtu apige hesabu. Mraba wa 512 kwa 512 una pikseli 262,144. Kila pikseli hubeba namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na namba ya nne inayosema pikseli hiyo ni angavu kiasi gani. Kwa hiyo picha moja kabla ya kubanwa ina baiti zaidi ya milioni moja. Muuza kahawa wetu akichezeshwa kwa sekunde mbili, kwa picha 12 kila sekunde, zinahitajika picha 24, ambazo wachoraji wa katuni huziita fremu. Baiti milioni 25 zinatakiwa kuingia katika nafasi ya nusu milioni. Ni kubana mara hamsini, na kila fremu inaachiwa kama kilobaiti 20 tu.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kupunguza ubora. Wanashusha kipimo cha ubora kutoka 80 hadi 60, kisha 40, kisha 20, hadi faili ipite, na muuza kahawa anatoka na uso wenye madoa kama ukuta uliolowa. Ubora ni mlango wa mwisho wa kubisha. Uzito wa stika huamuliwa mapema zaidi, pale mchoraji anapochagua ni kitu gani kitembee na kitembelee wapi.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua WebP inavyozihifadhi fremu. Ya kwanza huhifadhiwa nzima. Kuanzia ya pili, programu inayobana huilinganisha fremu mpya na iliyotangulia, hutafuta eneo lililobadilika, hulizungushia mstatili mmoja, na kuhifadhi kilichomo ndani ya mstatili huo peke yake. Muuza kahawa akipepesa macho tu, mstatili utakuwa mdogo kama kiberiti na fremu itakuwa nyepesi sana. Kofia, kanzu, miguu na dele havihifadhiwi tena. Simu inaendelea kuonyesha vile vilivyokwishachorwa.

Tatizo ni kwamba kila fremu ina mstatili mmoja tu. Vikombe vikitembea juu kulia na kidole cha mguu kikachezacheza chini kushoto, mstatili unaofunika vyote viwili unakuwa karibu mraba mzima. Programu hujitahidi kuzifanya nyepesi pikseli ambazo hazikubadilika humo ndani, lakini nafuu kubwa imekwishapotea. Ndiyo maana mchoraji mwenye uzoefu hukusanya mwendo mahali pamoja. Mguu hauna sababu ya kucheza. Anayeitazama stika hiyo anatazama vikombe.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ndilo linalowatesa wanaochora vitu vinavyoruka na kurukaruka. Fremu mpya huwekwa juu ya ile ya zamani kama karatasi ya plastiki yenye mchoro. Karatasi hiyo inaweza kuongeza rangi mahali, lakini haiwezi kufuta: pikseli tupu ikiwekwa juu ya pikseli nyekundu, nyekundu inaendelea kuonekana. Mkono ukitembea mbele ya kanzu hakuna shida, maana pale ulipoondoka panapakwa rangi ya kanzu. Lakini mkono ukinyooka nje, kwenye nafasi tupu, kisha ukarudi, pale ulipokuwa panatakiwa pawe patupu tena. Ili kupafuta, programu inalazimika kuacha njia ya kurundika na kulihifadhi eneo hilo zima upya. Kwa hiyo mwendo uleule, wenye urefu uleule, huwa na uzito mmoja ukifanyika mbele ya mwili na uzito mwingine ukifanyika hewani.

Turudi kwenye baraza letu. Katika mchoro wa kwanza, muuza kahawa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, amenyoosha mkono wa kulia pembeni na vikombe vinagongana hewani. Dele liko mkono wa kushoto, na mvuke unapanda kutoka kwenye mdomo wake, mweupe na mwepesi, ukipotea juu ya kofia. Ni mchoro mzuri. Fremu 24 zinachorwa, labda kwa Krita, programu ya uchoraji isiyolipiwa, na kila fremu inatolewa kama picha ya PNG. Kisha zinaunganishwa kwa `img2webp`, kifaa kidogo kinachokuja pamoja na zana za WebP zinazotolewa bure na Google:

```
img2webp -loop 0 -mixed -q 70 -d 80 k*.png -o kahawa.webp
```

Amri hiyo inasema: rudia bila kikomo, chagua kwa kila fremu njia nyepesi kati ya kubana kwa kupoteza na kubana bila kupoteza, ubora uwe 70, na kila fremu ikae milisekunde 80. Fremu 24 mara 80 ni milisekunde 1,920, pungufu kidogo ya sekunde mbili.

Tuseme faili imetoka na kilobaiti 684. Imezidi kwa 184. Kabla ya kugusa kipimo cha ubora, mchoraji anaiuliza faili yenyewe uzito uko wapi:

```
webpmux -info kahawa.webp
```

Jibu lake ni jedwali. Kila fremu ina mstari wake: upana na urefu wa mstatili uliohifadhiwa, mahali ulipoanzia, muda wake, na karibu na mwisho ukubwa wake kwa baiti. Hapa ndipo siri zote hutoka. Katika mfano wetu fremu ya kwanza ina kilobaiti 40, jambo la kawaida kwa kuwa imehifadhiwa nzima. Lakini zile 23 zinazofuata zina wastani wa kilobaiti 28 kila moja, na safu ya upana inaonyesha mistatili ya pikseli 450 na zaidi. Vikombe viko ukingo wa kulia, mvuke uko ukingo wa kushoto, na mstatili unalazimika kuvifunika vyote viwili pamoja na mwili mzima uliosimama katikati bila kutikisika. Juu ya hayo, vyote viwili vinatembea hewani, kwenye nafasi tupu, kwa hiyo kila fremu ina kazi ya kufuta.

Mvuke una kosa lake la pili, nalo ni la macho. Ni mweupe, nusu angavu. Katika simu yenye mandhari meusi unapendeza. Katika simu ya mtu anayetumia mandhari meupe, haupo kabisa.

Mchoro unarudi mezani. Badala ya kupunguza kitu, mchoraji anamvalisha muuza kahawa kizibao cha buluu iliyokoza juu ya kanzu yake. Mkono wenye vikombe unakunjwa, vikombe viwe mbele ya kifua. Dele nalo linasogezwa mbele kidogo ili mvuke wake upande kando ya vikombe, juu ya kizibao, na uishie kabla ya kufika begani. Sasa mwendo wote uko katika eneo lisilozidi pikseli 200 kwa 200, na nyuma yake kuna rangi moja tulivu. Hakuna kinachofutwa hewani. Mvuke hauna tena haja ya kuwa nusu angavu. Unachorwa kwa buluu nyepesi kidogo kuliko kizibao, na macho yanaamini kuwa ni mvuke. Utaonekana hivyohivyo juu ya mandhari meupe, meusi, au picha ya harusi ambayo mtu ameiweka nyuma ya maongezi yake. Fremu zikishuka hadi kilobaiti 13 kila moja, jumla inakuwa kama 340, na ubora bado ni 70.

Kizibao hicho kimelipa deni la tatu pia. WhatsApp hushauri kila stika izungushiwe ukingo mweupe wa pikseli 8, ili kitu cheusi kisipotelee kwenye mandhari meusi. Ushauri ni mzuri, ila kwa pwani yetu una mtego: kanzu ni nyeupe. Ukingo mweupe ukishikana na kanzu nyeupe juu ya mandhari meupe, kinachobaki ni kichwa, mikono na miguu inayoelea. Dawa ni mstari mwembamba wa rangi nzito kati ya kanzu na ukingo, kijivu au kahawia, unaochora umbo lenyewe. Kanzu ikiwa na mstari huo na kizibao kifuani, umbo linasomeka popote. WhatsApp wanashauri pia pabaki nafasi tupu ya pikseli 16 kila upande, ili mchoro usigusane na ukuta wa mraba wake. Kwa hiyo eneo halisi la kuchorea, ukiondoa nafasi hiyo, ni 480 kwa 480, na ukingo mweupe unakaa humo humo.

Ukingo wa stika ndiyo sehemu inayotofautisha haraka kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha. Chanzo kikubwa cha ubaya wake ni GIF, mfumo wa mwaka 1987 ambao bado watu huutumia kwa mazoea. GIF ina rangi 256 tu kwa fremu, na kwake pikseli ni ama ipo ama haipo, hakuna nusu. Mkunjo wa bega, ambao unahitaji pikseli za robo na nusu ili uonekane laini, hutoka na meno kama msumeno. Mbaya zaidi, programu nyingi huzichanganya zile pikseli za nusu na rangi nyeupe kabla ya kuhifadhi. Kwenye mandhari meusi, stika hiyo huzungukwa na ngozi nyembamba nyeupe iliyokatikakatika, ambayo hakuna namna ya kuiondoa baadaye kwa sababu imekwishakuwa sehemu ya rangi. Anayeanzia GIF na kuigeuza iwe WebP habadilishi kitu. Meno yanahama nayo.

Video ya kawaida ya MP4 nayo haisaidii. Mfumo wa kubana unaotumika humo mara nyingi, H.264, hauna nafasi ya kuhifadhi utupu, kwa hiyo kilichokuwa kitupu hugeuka cheusi au cheupe. Njia salama ni hiyo ya PNG moja kwa kila fremu, kwa sababu PNG huhifadhi ngazi 256 za uangavu, kama WebP yenyewe.

Ule ukingo wa masizi una asili tofauti. Programu za video na katuni zina njia mbili za kuandika pikseli iliyo nusu angavu. Moja huiacha rangi yake kamili na kuandika pembeni kuwa ni nusu. Nyingine huipunguza rangi kwanza, kana kwamba imechanganywa na nyeusi, kisha huandika kuwa ni nusu. Katika After Effects njia hizo zimeandikwa `Straight` na `Premultiplied`. Programu moja ikitoa kwa njia ya pili na nyingine ikasoma kwa njia ya kwanza, kila pikseli ya ukingoni huwa nyeusi kupita inavyostahili, na kofia nyeupe hupata mstari mchafu kuizunguka. PNG husomwa kwa njia ya kwanza, basi `Straight` ndiyo ya kuchagua. Namna ya kugundua kosa ni rahisi: weka fremu moja juu ya tabaka la rangi ya waridi iliyoiva, kisha ikuze mara nne. Masizi hujitokeza papo hapo.

Tabaka hilohilo la waridi hufichua na vumbi. Mtu aliyekata picha ya mtu halisi kutoka kwenye mandhari yake, au aliyefuta kwa brashi laini, huacha pikseli zenye uangavu wa asilimia moja au mbili pembeni mwa mraba. Jicho halizioni. Programu inayobana inaziona, na ikiwa zinabadilika kutoka fremu hadi fremu, mstatili unatanuka kwenda kuzifuata hadi pembeni. Mtu anashangaa kwa nini stika yenye mwendo mdogo ina kilobaiti 600, na jibu ni kivumbi kisichoonekana kwenye kona ya chini. Vivuli laini na mng'ao kuzunguka mwili ni ndugu wa tatizo hilo. WebP, hata inapobana rangi kwa kupoteza, kwa kawaida huihifadhi ile namba ya nne ya uangavu bila kupoteza chochote, kwa hiyo kila kivuli chenye ngazi nyingi za kufifia hulipiwa kwa bei kamili. Kivuli cha stika kiwe umbo moja lenye rangi moja, au kisiwepo.

Sasa mwendo wenyewe. WhatsApp inaruhusu sekunde 10, lakini ruhusa hiyo ni ya juu mno kwa kazi hii. Anayepokea stika huitupia jicho mara moja akiendelea kusoma. Kisa kinachohitaji sekunde sita ndipo kieleweke kitakuwa kimepitwa na ujumbe mwingine mara mbili. Sekunde moja na nusu hadi tatu zinatosha kwa tendo moja, na tendo ndilo la kuhesabu: kugonga vikombe, kuinamisha kichwa kwa pole, kufuta machozi ya kicheko.

Kinachofanya stika ipendeze kurudiwa ni mshono, pale mwisho unapokutana na mwanzo. Kosa la kawaida ni kuchora fremu ya mwisho ifanane kabisa na ya kwanza, kwa imani kuwa ndivyo duara hufungwa. Matokeo yake ni kigugumizi: picha ileile inaonyeshwa mara mbili mfululizo, na mwendo unakwama kwa kitambo kila mzunguko. Fremu ya mwisho inatakiwa iwe hatua moja kabla ya ya kwanza. Fremu ya 25, kama ingekuwepo, ndiyo ingefanana na ya kwanza, basi haihifadhiwi.

Kila kitu kinachotembea ndani ya stika kiwe na mzunguko unaogawanyika sawasawa katika jumla ya fremu. Muuza kahawa ana fremu 24. Kugonga vikombe kunachukua fremu 12: vinakaribiana katika tatu za kwanza, vinagongana ya nne, vinaachana kidogo ya tano, vinagongana tena ya sita, kisha vinatulia hadi ya 12. Hiyo ndiyo kak-kak, kimya kidogo, na inatokea mara mbili kwa kila mzunguko. Macho yanapepesa mara moja katika 24. Kama mchoraji angeamua kichwa kitikisike kila fremu 10, kingekuwa njiani mzunguko unapokatika, na kingeruka.

Mvuke ni mgumu zaidi kwa sababu haurudi ulikotoka, unapanda tu. Ujanja wake ni wa kale katika katuni. Mvuke unachorwa kama mkanda wa mawimbi yanayofanana, moja juu ya jingine, yakiachana kwa pikseli 72. Katika kila fremu mkanda wote unapanda pikseli 3. Baada ya fremu 24 umepanda pikseli 72 kamili, na kila wimbi limekalia kiti cha wimbi lililokuwa juu yake. Wimbi la juu limefifia hadi kuungana na rangi ya kizibao, jipya limezaliwa kwenye mdomo wa dele, na hakuna jicho linalojua duara lilifungwa wapi.

WebP inaruhusu kila fremu iwe na muda wake, na ruhusa hii ni hazina isiyotumika vya kutosha. Stika ya "Pole", ambamo mtu anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, haihitaji fremu 24. Inahitaji michoro sita ya kuinama, kisha ule wa mwisho ukae milisekunde 700 kabla kichwa hakijarudi juu. Utulivu huo hauongezi uzito wowote, na ndio wenye maana katika pole. Fremu ya kwanza nayo ichaguliwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayoonekana mahali ambapo stika haichezi. Kwa muuza kahawa, fremu ya kwanza isiwe ile ambayo macho yamefumbwa.

Seti ya stika za Waswahili haikamiliki bila mama mwenye kanga, na hapo wachoraji wengi hukwama bila kujua sababu. Kanga ni nguo yenye maneno: ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lililoandikwa chini. Katika uzuri huo kuna kila kitu ambacho kubana hakukipendi, yaani maua madogo, vidoto, rangi zinazopishana kwa ghafla. Mama akicheza kidogo tu kiunoni, kila ua na kila kidoto kinahama, na hakuna hata pikseli moja ya kanga inayobaki ilivyokuwa. Fremu moja inaweza kula kilobaiti 40. Kiwiliwili kikitulia na mama akazungumza kwa mikono, shingo na macho, kanga huhifadhiwa mara moja tu kwenye fremu ya kwanza. Ikibidi acheze, mji wa kanga uchorwe kwa umbo moja kubwa, korosho au nanasi, kwa rangi mbili tatu, na pindo liwe mkanda mmoja. Jina la kanga halisomeki kwa ukubwa huo. Afadhali liwe maandishi ya stika yenyewe, chini ya miguu, kwa herufi nene.

Rangi ya herufi hizo ina neno lake. WebP ikibana kwa kupoteza, huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi huihifadhi kwa makundi ya pikseli nne nne. Herufi nyekundu nyembamba juu ya nyeusi huvuja pembeni na kuonekana kama zimelowa. Herufi nyeupe zenye mzingo mweusi haziathiriki, maana tofauti yao ni ya mwanga. Kuongeza `-sharp_yuv` katika amri hupunguza uvujaji wa zile za rangi, japo hakuumalizi.

Anayetaka kupeleka seti ileile Telegram atakuta nyumba tofauti. Huko kuna njia mbili za stika zinazotembea, na zote mwisho wake ni sekunde 3. Ya kwanza ni video ya WebM isiyo na sauti, isiyozidi kilobaiti 256 na fremu 30 kwa sekunde. Muuza kahawa wa kilobaiti 340 atahitaji kubanwa upya, lakini mchoro wake hauguswi. Ya pili, iliyoanza mwaka 2019, haihifadhi picha kabisa. Huhifadhi maelezo ya mistari na mienendo yake, na simu huichora yenyewe. Ndiyo maana kikomo chake ni kilobaiti 64 tu na bado hucheza laini kwa fremu 60 kwa sekunde. Njia hiyo imejengwa juu ya mfumo uitwao Lottie, jina lililotolewa kwa heshima ya Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata vivuli vya karatasi na kuvichezesha fremu kwa fremu hadi akakamilisha, mwaka 1926, filamu ndefu iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Kwa njia hii kila kitu kichorwe kwa mistari ya vekta toka mwanzo. Picha ya brashi haiingii.

Seti ya WhatsApp iwe na stika zisizopungua 3 wala kuzidi 30, pamoja na alama ndogo ya PNG ya pikseli 96 kwa 96, isiyozidi kilobaiti 50, inayowakilisha seti nzima. Stika zinazotembea hazichanganywi na zisizotembea. Hata ile ambayo mchoraji alitaka itulie ni lazima iwe na fremu zaidi ya moja, la sivyo seti yote hukataliwa. Kupepesa macho mara moja kunatosha. Seti ya stika 30 zilizojaa hadi kikomo ni kilobaiti 15,000, karibu megabaiti 15 za bando la anayeipakua. Hiyo ni sababu nzuri ya kuziacha kwenye 300 hata kama 500 zinaruhusiwa.

Programu ya mfano ambayo WhatsApp huitoa kwa watengenezaji husoma maelezo ya seti kutoka faili moja ya maandishi, `contents.json`. Sehemu yake muhimu ni hii:

```
"tray_image_file": "alama.png",
"image_data_version": "1",
"animated_sticker_pack": true,
"stickers": [
  { "image_file": "kahawa.webp", "emojis": ["☕"] }
]
```

Emoji zisizidi tatu kwa stika moja. Ndizo zinazomsaidia mtu kuipata stika anapoitafuta. Neno `true` kwenye mstari wa tatu likisahaulika, stika zinazotembea zitahesabiwa kama zisizotembea.

Kabla ya kuitoa, mchoraji hujitumia seti yote kwenye simu mbili, moja ya mandhari meupe na nyingine meusi, na ikiwezekana moja iwe ya bei ndogo. Hutazama mambo machache: ukingo wa kofia, mvuke juu ya kizibao, mshono wa mzunguko wa tatu na wa nne ambapo jicho limeanza kuzoea. Akigundua pikseli za masizi kwenye kikombe cha kushoto, hurudi kwenye fremu za PNG na si kwenye WebP iliyokwishabanwa, huzisafisha, huunganisha upya, na kubadilisha namba ya `image_data_version` kutoka 1 kwenda 2. Asipoibadilisha, simu zilizokwishaiweka seti hiyo zitaendelea kuonyesha kikombe chenye masizi.